Mzigo wa Kariakoo, mwisho wa mwaka

Mdogo wangu, hii ndo list, hela yote ni 3,500,000 na mzigo wenyewe usipite 2,857,000. Anza na vitu vya shule kabla ya kingine chochote, maana Januari wazazi wa hapa Songea wanakuja wote kwa pamoja na tukikosa wanaenda duka la pili.

SHULE
Mashati meupe dazeni 6, 54,000 kwa dazeni = 324,000. Saizi za darasa la 1 hadi la 4 ziwe nyingi, kubwa chukua dazeni 1 tu.
Viatu vyeusi pea 24 x 11,000 = 264,000. Kunja soli kwa mkono uangalie pale gundi inapokutana na ngozi, ikifunguka hata kidogo acha, hivyo vinarudishwa dukani kabla mwezi haujaisha.
Mabegi 36 x 9,500 = 342,000, vuta zipu kila moja
Soksi dazeni 15 x 9,000 = 135,000

NGUO
Kanga doti 60 x 8,500 = 510,000. Hapa usiwe na haraka, zungukia maduka kadhaa Mtaa wa Uhuru kwanza, lowesha kona ya leso nyeupe usugue kwenye pindo, rangi ikitoka hama duka. Na soma majina! Za kumsifia mama na za harusi zinaisha upesi, za mafumbo ya kugombana wamama wa hapa wanasoma wanacheka wanarudisha, kwa hiyo hizo doti 5 zinatosha.
Vitenge vya yadi 6, pisi 30 x 14,000 = 420,000
Mashuka 6 kwa 6 na foronya zake, 40 x 13,000 = 520,000, fungua moja upime maana kuna yanaandikwa 6 kwa 6 na hayafiki
Boksa dazeni 10 x 15,000 = 150,000
Yeboyebo dazeni 8 x 24,000 = 192,000

Bei zikiwa zimepanda punguza yeboyebo kwanza, afu vitenge. Vya shule usiguse hata pea moja.

MATUMIZI
Basi kwenda na kurudi 110,000, gesti siku mbili 50,000, kula na daladala 40,000, wabebaji na kufunga 30,000, fuso ya mzigo 150,000. Jumla 380,000. Inabaki 263,000, hiyo ni ya dharura, kama kuna kitu kizuri umekiona nje ya list nipigie kwanza usinunue tu.

Hela iache kwenye simu, lipa kwa lipa namba, na kila dazeni ihesabu mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Risiti ya EFD idai yenye kiasi kamili hata wakikwambia bila risiti bei inashuka, mzigo ukisimamishwa njiani bila risiti tutalipa zaidi ya hiyo punguzo. Marobota yaandike jina langu na namba ya simu pande mbili kwa maka peni, ukishapakia nitumie picha ya risiti ya usafirishaji na namba ya gari.