Mkoba wa Lubugo, Saizi ya Kati: Umeisha kwa Sasa

Mikoba yote 40 ya mzigo uliopita imeshanunuliwa, na hatupendi kukuuzia kitu ambacho bado kiko mtini. Lubugo ni kitambaa kinachotokana na gome la ndani la mti wa mutuba, ambalo mafundi wa Buganda hulibandua msimu wa mvua na kulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka, huku shina lililoachwa wazi likifungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Kazi hiyo haiharakishwi, nasi hatujaribu.

Mzigo mpya tunautarajia katika duka letu la Kampala wiki ya pili ya Mei. Andika namba yako ya simu hapa chini na uchague ukanda, mweusi au wa kahawia. Tutakutumia ujumbe mmoja tu, saa 24 kabla ya kuwafungulia wateja wengine. Bei yako itabaki shilingi 165,000, hulipi chochote leo, na namba yako tutaifuta baada ya ujumbe huo.

Nijulishe mkoba ukirudi

Kama safari yako haisubiri Mei, mkoba mdogo wa lubugo hiyohiyo upo, imebaki 6, ingawa kusema kweli kompyuta haiingii humo.

*Baada ya kujiandikisha:*
Asante, tumekuandika kwa mkoba wa kati wenye ukanda wa kahawia. Ukibadili nia, jibu ONDOA wakati wowote.