Ujumbe kwa Mama Irene kuhusu nafasi ya mhasibu wa kodi

Mama Irene, habari za jioni? Irene kifua kimepoa? Nimeona niandike badala ya kupiga, ili usibanwe kunijibu papo hapo.

Nimeona kampuni yenu imetangaza nafasi ya mhasibu wa kodi, mwisho wa maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Natamani kuomba. Sijatuma bado, maana kuna ofisi ambazo jina la mtu anayependekezwa na mfanyakazi lazima liingie kabla hajaomba mwenyewe. Kama kwenu kuna utaratibu huo, na moyo wako umeridhia, naomba unipendekeze. Kama haupo, au unaona haikukai vizuri, Jumatano nitatuma kama mwombaji mwingine yeyote.

Uko idara hiyohiyo ya fedha, na sijasahau ulivyonisimulia habari ya yule kijana wa stoo aliyemtia aibu mtu aliyemleta. Kwa hiyo usinisemee kazi ambayo hujaiona. Ulichokiona ni hesabu za kikoba chetu. Miaka 3 nimeshika daftari la watu 28, na ule usiku wa mgao tulipokesha kwa Mama Shabani tukitafuta ile elfu arobaini, wewe ndiye uliyekuwa unanisomea risiti mpaka tukakuta imeandikwa mara mbili. Hayo ukiyasema, unasema ulichokishuhudia.

Mengine uyajue mapema yasije kukushtukiza mbele ya watu. Niliacha kazi Machi kumuuguza mama, sijaajiriwa tangu hapo. SAP sijawahi kuitumia, nimezoea Tally. CPA nimebakiza hatua ya mwisho. Ila ritani za VAT nimezipeleka mwenyewe miaka 5, kila mwezi kabla ya tarehe 20, na PAYE kabla ya tarehe 7, na kwa hilo sina wasiwasi hata mtu akinikagua.

Ukiamua kulipeleka jina, maneno haya yanatosha, punguza au badilisha upendavyo:

"Namfahamu mwombaji huyu kupitia kikundi chetu cha kuweka akiba, ambako ametunza hesabu kwa miaka 3 na nimeziona. Sijafanya naye kazi ofisini. Wasifu wake nimeuambatanisha, naomba apimwe kama wengine."

Tafadhali usimwendee bosi wako kwa ajili yangu, wala usiwaulize utumishi nani kaitwa. Nikiitwa usaili, sitakuuliza wanauliza nini.

Ukiandika "hapana" inatosha, sababu sihitaji. Ukikaa kimya mpaka Jumatano asubuhi nitaelewa, nitatuma mwenyewe na sitakukumbusha. Wasifu nimeuweka hapa chini.

Jumamosi nakuja na daftari saa kumi, na vitumbua ni zamu yangu.

Mama Salma