Jumanne usiku, ukurasa wa 164

Nimefika nusu ya riwaya na msimulizi wake, Mwanaidi, kanichefua. Wiki iliyopita niliandika humu kwamba ningependa kuwa na dada kama yeye. Leo nimesoma tena maneno hayo, nikaguna.

Yaliyotokea ni haya. Sura ya 11, mama yake mgonjwa anauliza kwa mara ya ngapi sijui kama mwanawe Idi ameandika. Mwanaidi anajibu hapana, anamrekebishia mto, kisha anatusimulia jinsi alivyotandika kitanda chake mwenyewe: "nikageuza godoro kwa uangalifu, barua zisije zikaanguka." Basi! Sentensi inaishia hapo na aya inayofuata inazungumzia dawa. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka kitu. Barua gani? Tangu mwanzo tunaaminishwa kwamba kaka mtu alikwenda ng'ambo akawasahau.

Nikarudi nyuma kumpeleleza. Ukurasa wa 38 tarishi anabisha hodi, halafu ghafla ni jioni na Mwanaidi anapepeta mchele. Ukurasa wa 71, hivyo hivyo: hodi, kisha usiku. Hakuna mahali alipotuambia sisi kwamba barua haikuja. Anamwambia mama yake tu, na sisi tumeketi pembeni tunasikia tunachosikia. Nafsi ya kwanza ina ujanja huu. Msimulizi halazimiki kusema uongo, anafunga mlango tu tukiwa bado nje.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mama. Mwanamke hajui kusoma, macho yenyewe yamekwisha, anategemea kinywa cha binti yake kupata habari za mwanawe, na binti anakifunga. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo wala havikuwa vichafu sana.

Lakini sura ya 12 imenivuruga upya. Mwanaidi anaifua shati ya Idi, ile aliyoiacha msumarini. Anaifua kila mwezi, anaipiga pasi, anairudisha msumarini. Mama hawezi kuiona, kwa hiyo si maonyesho kwa mama. Anamfanyia nani basi? Hapa ndipo mwandishi alipo hodari, maana hamfafanui. Angekuwa mwandishi mwingine angetuwekea ukurasa mzima wa majuto. Huyu anatupa harufu ya sabuni na kifungo kimoja kilicholegea, anachokishona kwa uzi usiofanana.

Sijui nimchukie vipi mtu anayeshona kifungo cha mtu anayemzika akiwa hai.

Kuna jambo la shule pia. Sura ya 3 anasema aliiacha nafasi yake ya masomo ili ada ipatikane kwa Idi. Nilipigia mstari nikaandika pembeni "shujaa". Sasa najiuliza nani mwingine alithibitisha hilo. Mama hajawahi kulitaja. Shangazi ndiye kabisa, kazi yake kuingia, kulalamika na kutoka (mhusika bapa kuliko wote, na kila akija mvua inanyesha, mwandishi apunguze mvua). Ushahidi wote ni wa Mwanaidi. Hata hivyo namwamini, na kuamini huko ndiko kunakonikera. Kama kweli alitoa masomo yake, basi zile barua ni deni analojilipa mwenyewe kwa siri. Kila Idi akiandika kwamba anaendelea vizuri, anamwandikia mtu aliyemnunulia huko kuendelea vizuri kwa maisha yake. Mimi nisingezificha. Nadhani. Labda ningezisoma kwa sauti ya ubaridi, nikaacha salamu za mwisho.

Kwa hiyo hisia zangu usiku huu ni hizi: yule mlezi mwenye subira wa kurasa mia za kwanza simtaki tena. Alikuwa mwema mno, nilikuwa namsoma huku nasinzia. Huyu mwenye barua chini ya godoro simpendi, ila namsoma nikiwa nimekaa wima. Namwogopa kidogo. Anapomnywesha mama uji sasa naangalia mkono wake, si uso.

Ninachoomba ni mwandishi asimsamehe kwa bei rahisi. Asije akamuua mama katika sura mbili, akamleta kaka kwa machozi, wakakumbatiana mlangoni, ikaisha. Wala asimgeuze shetani, maana hilo nalo ni njia ya kumkimbia.

Sura ya 13 inaitwa "Mgeni", na sidhani mgeni ni mwingine zaidi ya Idi. Nataka nimsikie akijieleza: aliandika nini humo, alipokosa majibu alifikiri nini, kwa nini hakupanda chombo akaja kuona. Tatizo ni kwamba hata atakapofungua mdomo, atakayetufikishia maneno yake ni Mwanaidi. Kesho nasoma na penseli, na kila aya itakapokatika ghafla naweka alama.