Jumamosi tarehe 14 sitakuwepo, somo

Somo yangu, habari za tangu juzi?

Ujumbe wako wa kutaka tuonane Jumamosi tarehe 14 niliusoma jana usiku nikiwa nimeshajilaza, nikaona nisikujibu kwa usingizi nikaharibu. Umenifurahisha kweli. Nilikuwa nimeanza kujiuliza ni nani kati yetu atakayeanza safari hii, na nakiri nilikuwa nakusubiri wewe.

Sasa habari mbaya niitangulize: Jumamosi tarehe 14 sitakuwepo. Nasafiri na mama Alhamisi tarehe 12 alfajiri, tunakwenda kumwona mama mdogo. Alikuwa anaumwa, sasa ana nafuu, na mama ameapa hatalala vizuri mpaka amwone kwa macho yake. Tiketi tulishakata tangu wiki mbili zilizopita, na mama peke yake siwezi kumwachia safari ya saa 9 na mabegi yale. (Tunakwenda siku 6, lakini ukiona alivyofungasha utadhani anahama.) Tunarudi Jumanne tarehe 17 jioni.

Nimeumia kidogo, nisikufiche, kwa sababu siku uliyochagua ni ile ile ningeichagua mimi. Basi usidhani nakukwepa. Tumeshaahirisha mara mbili, moja yako moja yangu, na hii ya tatu sitaki iishie kwenye "tutaangalia nikirudi". Mimi na wewe tunajuana, tukiachana na neno hilo tutakuja kuonana mwakani. Kwa hiyo nimekaa na kalenda kabla ya kukuandikia.

Siku ninayoitamani hasa ni Jumamosi inayofuata, tarehe 21. Nitakuwa nimesharudi, nimepumzika, na siku nzima sina miadi na mtu. Saa 5 asubuhi kama ulivyopanga, pale pale ulipopataja, tukae mpaka tuchoke wenyewe. Kama Jumamosi hiyo una shughuli, Jumapili tarehe 22 pia naweza, ila iwe kuanzia saa 8 mchana, na jioni nisichelewe sana kwa sababu Jumatatu naingia kazini mapema.

Ila kuna kitu kimoja kimenifanya nisome ujumbe wako mara mbili. Umeandika kwamba kuna jambo unataka kuniambia ana kwa ana, si la simu. Sikuulizi ni nini. Lakini kama ni jambo linalokukosesha usingizi, somo, tusingoje tarehe 21. Njoo Jumatano hii, tarehe 11, natoka kazini saa 10 na nusu, kufikia saa 11 jioni nitakuwa nyumbani. Nikwambie ukweli, siku hiyo utanikuta katikati ya mabegi, mama ananiita kila dakika, na kulala itabidi nilale mapema. Kwa kupiga soga haifai hata kidogo. Kwa kusikilizana, inatosha. Tutafunga mlango wa chumbani, mama nitamwambia asubiri, na atasubiri, anakupenda kuliko anavyonipenda mimi.

Kama ni jambo la furaha nalo huwezi kulibana, vile vile njoo, sitalalamika!

Na hata ukichagua tarehe 21, ile Jumamosi ya tarehe 14 usiipangie kitu kingine mara moja. Saa 5 nitakupigia. Huko mtandao unasuasua, kwa hiyo ikifika saa 5 na nusu hujanisikia ujue natafuta sehemu yenye mawimbi, usinune. Tutasalimiana tu, mazito tutayaacha ya siku yenyewe.

Nijibu kabla ya Jumanne usiku kama unaweza, hasa kama ni Jumatano, ili nimalize kufungasha mapema. Ukiona zote hizo hazikufai, nipe siku yako yoyote baada ya tarehe 17, ya kazi au ya mapumziko, nami nitajipanga. Siku za kazi naweza kuanzia saa 11 jioni, isipokuwa Alhamisi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu, amesimama nyuma yangu anauliza naandika nini kirefu hivi. Halafu mwavuli wako bado uko nyuma ya mlango wangu tangu ile siku ya mvua. Nilitaka kusafiri nao, nimejizuia.

Ni mimi somo wako