Nimerudi: Darasa la Ufugaji, Ratiba Mpya na Vifaranga Wanaokufa Wiki ya Kwanza

Huu ndio ujumbe utakaobaki juu ya ukurasa. Ule mfupi wa Jumatatu nimeuondoa kwa sababu haukuwajibu waliolipia darasa, na wao ndio wanaostahili kujibiwa kwanza.

Tangu Novemba hapajawekwa video mpya hapa. Baba alipata kiharusi, na kazi ya kumhudumia ikawa yangu. Sasa anatembea kwa mkongojo, nyumbani tumegawana zamu, na nimepata asubuhi tatu za wiki kwa ajili ya kazi hii. Mengine ni ya familia, naomba yabaki nyumbani. Mliotuma pole na dua, ahsanteni sana, zilitufikia.

Waliolipa 25,000 za darasa la Desemba: samahani, mlilipa na hamkufundishwa. Chagueni moja kati ya mawili. Darasa litafanyika Jumamosi tarehe 11 Julai, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, na nafasi yako ipo bila kuongeza hata shilingi. Kama hutaki tena, tuma kwenye ujumbe wa ukurasa huu namba ya muamala na namba ya simu uliyolipia, kabla ya tarehe 30 Juni. Fedha yote itarudi kwenye namba ileile ndani ya siku 5, na makato ya kutuma ni juu yangu. Huhitaji kueleza sababu. Sijabadilisha namba wala sina wakala. Anayekuomba ada ya "kufungua marejesho" ni tapeli.

Ujumbe wa zamani ambao haukujibiwa sitaujibu mmoja mmoja. Kifaranga aliyeulizwa Januari ama amekua ama amekufa, na jibu la leo halimsaidii. Kama tatizo bado lipo, andika upya ukitaja umri wa kuku, idadi yao, wangapi wamekufa na kwa siku ngapi, chakula unachowapa, na chanjo walizopata pamoja na tarehe zake. Weka na picha ya kinyesi iliyopigwa mchana. Bila hayo nitakuwa nabahatisha, na kubahatisha kunaua kuku.

Swali lililojirudia kuliko yote ni la vifaranga wanaokufa wiki ya kwanza. Nalijibu sasa kwa sababu baridi ya Juni hadi Agosti imeanza, na wengi wameagiza.

Anza kwa kuangalia siku wanayokufa. Wakifa kati ya siku ya 1 na ya 3, wageuze utazame kitovu. Kikiwa kibichi, chekundu au kinanuka, ugonjwa umetoka kwenye mayai au kwenye mashine ya kutotolea. Piga picha, mjulishe muuzaji siku hiyohiyo, watenge wenye dalili na umwite daktari wa mifugo. Vifo vikianza siku ya 4 hadi ya 6 na kifuko cha chakula chini ya shingo kikiwa kitupu, kifaranga hakuwahi kula. Aliishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, kikaisha. Wengi hudhani ni ugonjwa wakakimbilia dawa, kumbe chanzo ni baridi: kifaranga aliyepoa hukaa amejikunyata chini ya joto na haendi kwenye chombo.

Kwa vifaranga 50, tengeneza bruda, yaani boma la kulelea vifaranga kwa joto, ya duara yenye kipenyo cha mita 1.2 na ukuta wa sentimita 45. Isiwe na kona, maana wakisikia baridi hurundikana konani na wa chini hukosa hewa. Weka maranda makavu yenye kina cha sentimita 5 hadi 8. Usitandike gazeti tupu sakafuni; linateleza, miguu inatanuka pembeni na haisimami tena. Washa joto siku moja kabla hawajafika, kwa sababu maranda yaliyopoa hunyonya joto kupitia miguu hata kama hewa ya juu ina moto.

Kipimajoto kining'inie sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga. Kikiwekwa ukutani kitakudanganya. Wiki ya kwanza kisome nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie saa 8 usiku, wakati baridi imekolea. Wakirundikana chini ya joto, hawatoshelezwi. Wakikimbilia ukutani huku wanahema na mabawa wazi, limezidi. Wakijazana upande mmoja, upepo unaingia kutoka upande wa pili. Ziba chini, acha wazi juu.

Balbu zinazookoa umeme hutoa mwanga bila joto la maana. Ukitumia umeme, tafuta balbu ya uzi au ile maalumu ya bruda. Jiko la mkaa linafaa likiwaka kwanza nje mpaka moshi uishe, kisha makaa yafunikwe kwa majivu na jiko lizungushiwe wavu. Lakini majivu hayazuii gesi ya mkaa, ambayo haina harufu. Chumba lazima kiwe na uwazi karibu na dari, na asilale mtu humo hata kwa saa moja. Hili nasisitiza kwa moyo wangu wote: kuna nyumba ambazo hazikuamka.

Wakifika, wape maji kwanza. Yawe ya uvuguvugu, na kila lita 1 itie gramu 50 za sukari au glukosi, yaani vijiko 4 vya chakula. Chovya midomo ya wachache, wenzao wataiga. Yakipita masaa 3 rudisha maji ya kawaida. Chakula cha kuanzia kiwekwe saa moja hadi mbili baada ya maji, kwenye trei pana wanazoweza kukanyaga. Kwa vifaranga 50 wa mayai wiki ya kwanza inatosha kilo 4 hadi 5. Baada ya saa 24 shika vifaranga 20 na upapase kifuko cha chakula. Angalau 19 wawe wamejaa na ni laini. Kikiwa kigumu, maji hayatoshi. Kikiwa kitupu, ongeza joto na usogeze vyombo karibu.

Kinyesi kikiganda nyuma, kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, mkaushe kifaranga kabla ya kumrudisha, halafu rekebisha joto na maji. Usimimine antibayotiki "kwa kinga." Haitibu baridi, na siku utakapoihitaji kweli huenda isifanye kazi.

Kati ya 100, kufa mmoja au wawili wiki ya kwanza ni kawaida. Wakifika watatu, usisubiri wa nne.

Chanjo ya kwanza ya mdondo kwa kawaida huwa siku ya 7 na ya gumboro siku ya 14. Thibitisha ratiba na daktari wa eneo lako, kwani hutegemea chanjo iliyopo. Chanjo ya maji isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, inakufa kabla haijanywewa.

Kuanzia wiki hii video itakuwa moja kwa wiki, kila Alhamisi saa 1 jioni. Mazungumzo ya moja kwa moja ya usiku yamesimama, na maswali nitajibu Jumanne na Ijumaa asubuhi. Nikikosa Alhamisi moja, nitaandika siku hiyohiyo. Video ya kwanza itaonyesha ujenzi wa bruda hii ya vifaranga 50, kuanzia kukata ukuta hadi kusoma kipimajoto usiku.