YAH: KUKUBALI OMBI LAKO LA KULIPA DENI KWA AWAMU

Msamvu, Morogoro
9 Juni 2025

Fundi Baba Zawadi,

Habari za kazi. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeupata. Pole kwa tajiri wako wa Kihonda kuchelewesha malipo ya nyumba. Nimekubali ulipe kidogo kidogo, ila si mpaka Desemba kama ulivyoomba. Mzigo ule na mimi nimeuchukua kwa jumla, na anayeniuzia ananidai.

Hesabu ni hii, tusije tukabishana. Tarehe 14 Machi ulichukua mifuko 80 ya saruji kwa Sh 17,500 na nondo 40 za milimita 12 kwa Sh 27,000, jumla Sh 2,480,000. Ulisaini kwenye daftari la mikopo, ukaandika kwa mkono wako kwamba utamaliza tarehe 14 Aprili. Tarehe 2 Mei ulituma Sh 300,000. Limebaki deni la Sh 2,180,000.

Utalipa hivi:

Jumatatu 16 Juni: Sh 380,000
Alhamisi 31 Julai: Sh 600,000
Jumamosi 30 Agosti: Sh 600,000
Jumanne 30 Septemba: Sh 600,000

Pesa iingie kwenye Lipa Namba ya duka iliyobandikwa kaunta kabla ya saa 12 jioni ya siku husika. Usimpe kijana wa dukani mkononi. Kila ukilipa nitakuandikia risiti yenye salio. Riba sikutozi hata shilingi, maadamu tarehe zinafuatwa.

Ukiona siku inakaribia na mambo hayajakaa sawa, nipigie kabla haijafika, nitakuongezea siku tatu. Nafasi hiyo ni mara moja tu kwa mkataba wote. Ukipitisha tarehe kimya, au siku tatu zikiisha hujalipa, mpango huu umevunjika na salio lote unatakiwa kulilipa ndani ya siku saba. Zikipita hizo, nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo nikiwa na daftari na barua hii, na gharama za kesi nitaomba uzibebe wewe. Nikipokea pungufu ya kiasi cha awamu, si kwamba nimekusamehe kilichobaki.

Mpaka umalize, dukani kwangu utanunua kwa taslimu. Nimelifikiria sana hilo, maana miaka sita umekuwa mteja wangu na nyumba nyingi za mtaani kwetu umezijenga kwa saruji yangu. Ndiyo maana nimeona tuandikiane kwanza kabla ya kufikishana mbali.

Nimetoa nakala mbili. Njoo Alhamisi 12 Juni saa 10 jioni tusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nimeshaongea naye. Sahihi yako itamaanisha unalikiri deni na umekubali tarehe hizi. Usipofika, ombi lako nitalihesabu umeliondoa, na deni lote litadaiwa kuanzia siku hiyo.

Wako,
Mama Rehema
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi