Kutani

Zuhura alipofika kipengele cha (f) katika mtihani wa Kiswahili, saa ya ukumbini ilikuwa imepiga nne na robo. Zimebaki dakika 45 na isimujamii hajaigusa. Muhtasari ndio uliomla. Aliandika, akahesabu maneno, akakuta 73 na yanayotakiwa ni 60. Akakata, akahesabu tena, 64. Akakata kiunganishi, sentensi ikalegea. Alipotosheka, nusu ya ukumbi ilikuwa imekwishafungua ukurasa wa matumizi ya lugha.

Andika katika wingi: *Ufa ulioonekana ukutani umezibwa.* (alama 2)

Sikio lilimjibu kabla hajafika kwenye nukta. *Nyufa zilizoonekana ukutani zimezibwa.* Sentensi nzuri, inateleza. Akaiandika, na kalamu ilikuwa tayari inaelekea kipengele cha (g).

Sikio hilo lilikuwa fahari yake tangu kidato cha kwanza. Amezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye nyumba ambayo bibi yake hajui lugha nyingine ila Kiswahili na Kiarabu cha kusalia. Darasani, wenzake waliotoka bara walikariri ngeli kama watoto wanaojifunza jedwali la kuzidisha; yeye alitazama dirishani. Nani anayekaririshwa lugha ya mamake? Tena mwalimu mwenyewe, Mwalimu Wafula, alitoka Bungoma, na herufi g ikimtoka k. Akisema "kari", safu ya nyuma yote inajificha nyuma ya madaftari.

Kisha ukaja mtihani wa mwigo. Zuhura alipata C+. Msichana aliyeketi mbele yake, aliyejifunza Kiswahili shuleni huko Lodwar, alipata A.

Alikwenda ofisini na karatasi mkononi akitaka kuteta. Kosa la kwanza alilolinyooshea kidole ni sentensi ya ukubwa. Walipewa *Mbwa wa mwizi alimuuma mtu*, wakaambiwa waiandike katika ukubwa, wingi. Yeye aliandika *Majibwa ya majizi yaliwauma majitu.*

"Waliumwa kina nani?" Mwalimu Wafula aliuliza.

"Watu, Mwalimu."

"Uliandika watu?"

"Niliandika majitu."

"Basi. Wameshahamia LI-YA, uhai wao wameuacha mlangoni. *Yaliyauma majitu.*"

"Lakini Mwalimu, hakuna mtu anayesema hivyo. Inachekesha hata kuisikia."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Sikio lako ni zuri, Zuhura. Mimi ningelipata hilo ningeshukuru Mungu. Lakini ni sikio la Kibokoni, na mtahini hakai Kibokoni. Ukishaandika jibu haraka haraka na likakupendeza, hilo ndilo la kurudia. Shika kila nomino, uliza ngeli yake, hata ile iliyojificha."

Hata ile iliyojificha. Kalamu ilisimama juu ya (g).

Akarudi. Pembeni mwa karatasi ya maswali akaandika kwa herufi ndogo, U-ZI. Ufa. Ukiondoa u, kinabaki *fa*, silabi moja, kwa hiyo wingi wake hauanzi hivi hivi, unataka ny: nyufa. Sawa. *Ulioonekana*: u wa kwanza unakuwa zi, na lio inakuwa lizo. Zilizoonekana. *Umezibwa*, zimezibwa. Yote haya sikio lilikuwa limeyapata. Pamebaki neno moja ambalo halikuguswa, limekaa katikati ya sentensi kimya kama mgeni asiyetaka kuulizwa jina.

Ukutani.

Si nomino tena, alijiambia, ni mahali. Lakini mahali pametoka wapi? Ondoa *ni*. Ukuta. U-ZI tena, ile ile. Wingi wake kuta. Rudisha *ni*.

Kutani.

Alitaka kucheka. Neno gani hilo? Linasikika kama watu wanaoambiwa wakutane, au wataniane. Maisha yake yote, nyumba yao ya mawe ina nyufa tangu barazani hadi msalani, na hajapata kumsikia mtu hata mmoja akisema kutani. Sikio liligoma kabisa. Likamwonyesha picha ya mtahini akikunja uso, akichora duara jekundu.

Msimamizi alipita, viatu vikilia. "Dakika 40."

Hakuna wa kumuuliza. Alilitazama jibu la kwanza, ambalo lilikuwa bado zuri, bado linateleza, na ndilo lililomtia shaka. Alipochunguza kila hatua ya jibu la pili hakuona pa kuliangusha: hakuna tundu kati ya ukuta na kuta, wala kati ya kuta na kutani. Alikata mstari mmoja tu, safi, kama walivyofundishwa, akaandika juu yake: *Nyufa zilizoonekana kutani zimezibwa.* Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.

Kuanzia hapo alikwenda polepole zaidi, na ajabu ni kwamba saa ilimtosha. Kipengele cha (g) kilimtaka akanushe *Ungemwita angekuja.* Bibi angesema *hungemwita hangekuja*, na mtaa mzima ungemwelewa. Zuhura aliandika *Usingemwita asingekuja* na hakubishana na mtu. Kwenye kauli ya kutendea ya *ng'oa* hakusikiliza chochote. Alitazama o, akakumbuka kwamba e na o huvuta e, akaandika ng'olea. Sekunde 10. Mara ya kwanza alielewa kwa nini yule msichana wa Lodwar huwa anamaliza mapema. Hakuwa akibahatisha kisha akisahihisha. Alikuwa akitembea njia moja tu.

Swali moja alimwachia sikio, tena kwa moyo mkunjufu. Waliulizwa shadda inavyotofautisha maana katika neno *barabara*. Alilitamka chini kwa chini mara mbili, midomo ikicheza, mara moja akiwa kwenye lami ya Barabara ya Digo, mara ya pili akimwambia fundi amefanya kazi barabara. Jibu likaja lenyewe. Hapo wenzake wa bara walikuwa na lao la kuhangaikia.

Saa tano kamili karatasi zilikusanywa. Alikuwa kwenye sentensi ya mwisho ya isimujamii, na neno la mwisho aliliandika msimamizi akiwa amesimama juu yake, mkono umenyooshwa.

Nyumbani kulinuka saruji mbichi. Fundi alikuwa amekuja asubuhi na sasa ameondoka, ameacha ndoo na mwiko barazani. Bibi alikuwa jikoni anapakua wali wa nazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wauonaje mtihani?"

"Alhamdulillahi." Aliweka mkoba chini, akapitisha vidole kwenye saruji mpya karibu na mlango. "Zimezibwa zote?"

"Zote. Bado ule mmoja wa huko juu, ameishiwa saruji."

"Na zile za kutani?"

"Za wapi?"

"Kutani, Bibi. Kwa sababu kuta ni nyingi."

Bibi alimtazama, upawa ukiwa hewani, mchuzi ukidondoka tone moja moja juu ya wali.

"Wewe una njaa," akasema. "Keti ule."